Vipimajoto Viwili, Mchana na Usiku: Jaribio la Kuelewa Mabadiliko ya Tabianchi

Maswali ni yale yale. "Hewa ukaa ni kidogo mno angani, itapashaje joto dunia nzima?" "Tulifunika kipimajoto kwa chupa, kikapanda. Si ndiyo tumethibitisha?" "Kama dunia inapata joto, mbona wiki iliyopita tulitetemeka kwa baridi?" Nimechoka kuyajibu moja moja, na mengi yanajibika ukiwa na vipimajoto viwili na daftari. Basi fuata hatua hizi mwenyewe.

Nikuonye mapema. Jaribio la chupa la mchana, ambalo karibu kila mwanafunzi hufanya, mara nyingi huelezwa vibaya. Linafundisha jambo la kweli, lakini silo lile ambalo watu hudhani. Linalokaribia zaidi yanayotokea angani ni la usiku, na wengi hawajawahi kulisikia. Tutafanya yote mawili.

Nadharia kidogo, usiiruke

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi, na aina ya mionzi hiyo hutegemea ukali wa joto. Jua ni kali sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya mionzi yake ni mwanga unaoonekana na mingine iliyo karibu nao. Ardhi nayo, ikishapata joto, hutoa mionzi, ila macho yako hayawezi kuiona. Tuiite mionzi ya joto.

Naitrojeni na oksijeni ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, na zote mbili huiacha mionzi ya joto ipite kana kwamba hazipo. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methani ndizo zinazoinasa, kisha huitoa tena kila upande, ukiwemo upande wa chini tuliko sisi. Kwa hiyo ardhi hupokea joto la jua, na juu yake hupokea joto linalorudi kutoka angani, mchana na usiku. Bila gesijoto hizo wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Hali halisi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Gesijoto zenyewe, basi, hazina ubaya. Tatizo ni kuziongeza kwa haraka.

Hapo swali la "kidogo mno" linapata jibu. Ukitaka kujua ni nini kinachozuia mionzi ya joto, usihesabu hewa yote. Ile asilimia 99 haihusiki, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa hicho kidogo.

Andaa hivi kwanza

- Vipimajoto viwili vya aina moja, vinavyosoma angalau kati ya nyuzi 0 na 50. Cha kupima homa hakifai, kwa sababu husoma sehemu ndogo sana. Usitumie chenye zebaki, maana kikivunjika ni sumu.
- Mitungi miwili ya kioo au plastiki angavu, ya ukubwa mmoja.
- Plastiki nyembamba angavu ya kufunika mdomo wa mtungi mmoja, na mpira wa kuibana.
- Karatasi nyeusi, na vipande viwili vya kadi.
- Vipande viwili vya sponji nene au nguo kavu iliyokunjwa, vya unene mmoja.
- Meza ndogo inayoweza kukaa nje usiku.
- Saa, daftari na kalamu.

Sehemu ya kwanza: fahamu tofauti ya vipimajoto vyako

1. Viandike A na B. Jina hilo lisibadilike hadi mwisho.

2. Viweke pamoja ndani ya chombo kimoja cha maji ya kawaida, koroga polepole, subiri dakika tano, usome. Kama ni vya kidijiti visivyoingia majini, viweke bega kwa bega kivulini kwa nusu saa.

3. Andika tofauti. Tuseme A inasoma 26.0 na B inasoma 26.5. Tangu sasa, kila ukisoma B, punguza 0.5.

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi za watu. Vipimajoto viwili vilivyotoka kwenye boksi moja vinaweza kutofautiana kwa nyuzi nzima. Usipojua hilo, utaishia kupima kasoro ya kiwandani ukidhani umepima tabianchi.

Sehemu ya pili: mitungi ya mchana

4. Weka karatasi nyeusi chini ya kila mtungi, ndani. Ingiza kipimajoto kimoja kila mtungi, kiegemee upande uleule.

5. Kinga ncha ya kila kipimajoto kwa kipande cha kadi ili jua lisiipige moja kwa moja. Ncha ikipigwa na jua hujipasha yenyewe, na hapo haupimi tena hewa.

6. Funika mtungi wa A kwa plastiki angavu, ukaze kwa mpira. Wa B uache wazi. Iweke yote juani, sehemu isiyo na upepo, ikae karibukaribu bila mmoja kuutilia mwingine kivuli.

7. Soma vyote kila baada ya dakika mbili, kwa dakika 20. Kisha hamishia mitungi kivulini na uendelee kusoma kwa dakika 10 nyingine. Kupoa nako kunasema kitu.

8. Rudia yote, ila safari hii B ndiyo ifunikwe. Kama mtungi uliofunikwa ndio unaoongoza tena, basi sababu ni kifuniko. Kama A ndiyo inayoongoza tena, tatizo liko kwenye kipimajoto.

Mtungi uliofunikwa utapanda zaidi, kisha kasi ya kupanda itapungua hadi usomaji utulie. Utulivu huo ndio somo lenyewe. Joto linaloingia halijabadilika, bali njia ya kutokea imebanwa. Kilichomo ndani kinapanda joto mpaka kinachotoka kilingane tena na kinachoingia. Dunia nayo hufanya hivyo hivyo: ukiibania joto njia ya kutoka, haipandi bila kikomo, inapanda hadi usawa mpya.

Sasa lile onyo. Mtungi umebanwa hasa kwa sababu plastiki inazuia hewa moto isipande na kuondoka. Angani hakuna kifuniko cha namna hiyo, na hewa hupanda itakavyo. Kwa hiyo umeonyesha kanuni ya usawa, lakini kazi ya gesijoto hujaionyesha. Ukiandika kwenye ripoti kwamba "plastiki ni kama hewa ukaa", mwalimu anayejua atakukata alama, na atakuwa na haki.

Vipi kuhusu kujaza mtungi mmoja hewa ukaa kutoka kwa siki na magadi? Nakushauri uiache. Mmenyuko wenyewe hupoza mtungi. Tena hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia chini na haichanganyiki haraka na hewa ya nje, jambo linalotosha kuupandisha joto. Wanafizikia walipojaribu vifaa vya namna hii kwa kutumia agoni, gesi nzito isiyonasa mionzi ya joto kabisa, walipata matokeo yanayofanana. Yaani jibu linaonekana sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Hata hivyo jaribio la mitungi lina historia ya heshima. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo juani, akaona wenye hewa ukaa unapata joto zaidi na unachelewa kupoa. Akaandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto kubwa. Vifaa vyake havikuweza kutenganisha mwanga wa jua na mionzi ya joto. Kazi hiyo aliifanya John Tyndall, Mwayalandi, kuanzia mwaka 1859, kwa kupitisha mionzi ya joto ndani ya bomba lililojaa gesi mbalimbali na kupima kiasi kinachonaswa.

Sehemu ya tatu: anga la usiku

Usiku jua halipo, kwa hiyo mionzi ya joto inabaki peke yake jukwaani. Chagua usiku mtulivu usio na mawingu, kisha urudie usiku wenye mawingu mazito. Lazima upate zote mbili.

9. Jua likishazama, weka sponji mbili chini mahali pa wazi, mbali na kuta na miti. Juu ya kila moja tandika karatasi nyeusi, na juu ya karatasi laza kipimajoto. Sponji huzuia joto la ardhi lisipande.

10. Sponji ya A iachwe ikitazama anga moja kwa moja. Ya B iwe chini ya meza, hatua mbili tatu kutoka hapo. Usiifunike pande za meza, maana hewa lazima ipite huru kama kwa A. Tofauti pekee unayoitaka ni hii: A inaliona anga, B inaiona meza.

11. Subiri nusu saa bila kugusa kitu. Kisha soma kila baada ya dakika 15 kwa saa mbili. Tumia tochi hafifu, usome haraka, usipumulie kipimajoto wala usikiinamie. Mwili wako nao unatoa mionzi ya joto.

12. Andika hali ya anga kila unaposoma: angavu, mawingu kiasi, limefunikwa lote, pamoja na upepo kama upo.

13. Usiku mwingine angavu, badilisha nafasi za A na B.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Usiku angavu, saa tatu, A inasoma 19.5 na B inasoma 23.0. Ukirekebisha B inakuwa 22.5, hivyo tofauti ni nyuzi 3.0. Usiku wa mawingu, saa ileile, A ni 22.0 na B ni 23.0, ambayo ukiirekebisha ni 22.5. Tofauti sasa ni 0.5 tu. Angalia kitu hapa: bila marekebisho ungeandika 1.0 kwenye usiku wa mawingu, yaani mara mbili ya tofauti ya kweli.

Kimetokea nini? Karatasi zote mbili zinatoa mionzi ya joto kuelekea juu. Meza ina joto linalokaribiana na la hewa, kwa hiyo inairudishia B karibu kiasi kilekile inachotoa. Anga angavu linairudishia A kiasi kidogo kuliko meza inavyoirudishia B, hivyo A inapoteza kuliko inavyopokea, na inapoa hata chini ya joto la hewa inayoizunguka. Mawingu yakifunika, matone yake ya maji yanarudisha mionzi mingi, na A inafanana na B. Umeona anga likirudisha joto chini bila kioo, bila plastiki, na bila kuzuia upepo. Daktari William Charles Wells alilaza vipimajoto nje usiku kwa mtindo huu alipokuwa akichunguza umande, akachapisha matokeo mwaka 1814.

Mpaka wa jaribio hili uujue pia. Unachokiona usiku ni kazi ya mawingu na mvuke, si ya hewa ukaa peke yake. Ongezeko la hewa ukaa la mwaka mmoja ni dogo mno kwa kipimajoto chako. Lakini namna ya kufanya kazi ni ileile.

Hapo wengine huuliza: kama mvuke una nguvu hivyo, kwa nini tulaumu hewa ukaa? Kwa sababu mvuke haukai. Ukizidi, unanyesha ndani ya siku chache. Hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi moja inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvuke hufuata joto na kulikuza. Hewa ukaa tunayoongeza haina mvua ya kuishusha, na sehemu yake hubaki angani kwa mamia ya miaka.

Jaribio si ushahidi wa mabadiliko yenyewe

Mitungi na sponji zimekuonyesha namna. Kama kweli dunia inabadilika, na nani anaibadilisha, huo ni ushahidi wa vipimo vya muda mrefu. Nitataja mitatu ninayoiona mizito.

Kwanza, hewa ukaa imepimwa karibu bila kuachwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu Charles David Keeling aanze mwaka 1958. Wastani wa mwaka 1959 ulikuwa sehemu 316 hivi katika kila milioni ya hewa, na mwaka 2024 ulizidi 420. Mapovu ya hewa ya kale yaliyofungiwa ndani ya barafu yanaonyesha ilikuwa karibu 280 kabla ya zama za viwanda, na kwamba katika miaka 800,000 haikuwahi kufikia viwango vya leo.

Pili, tunajua imetoka wapi. Kaboni-14, aina ya kaboni yenye unururifu, huoza taratibu, na makaa ya mawe na mafuta yamekaa ardhini muda mrefu kiasi kwamba hayana tena hata chembe. Vipimo vilionyesha sehemu ya kaboni-14 hewani ikipungua kadiri mafuta yalivyochomwa, hata kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia kuivuruga hesabu. Ni kama alama ya kidole.

Tatu, na huu ndio ninaoupenda: hewa ya chini inapata joto huku tabaka la juu, stratosfia, likipoa. Kama jua ndilo lililoongeza nguvu, matabaka yote mawili yangepata joto. Gesijoto ndizo zinazoacha mchoro huu wa chini moto, juu baridi.

Ile baridi ya wiki iliyopita? Hiyo ni hali ya hewa ya siku chache mahali pamoja. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30.

Ufanye nini na ulichojifunza

Anza na hesabu. Lita moja ya petroli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.3 za hewa ukaa. Utashangaa, kwa kuwa lita yenyewe haifiki hata kilo moja. Uzito wa ziada ni oksijeni iliyochukuliwa hewani: kila gramu 12 za kaboni hugeuka gramu 44 za hewa ukaa. Dizeli ni karibu kilo 2.7 kwa lita. Basi uliza jenereta ya shule inakunywa lita ngapi kwa wiki. Ikiwa ni 10 za dizeli, hizo ni kilo 27. Peleka namba hiyo kwa uongozi pamoja na pendekezo moja mahususi, kwa mfano kuzima jenereta saa ambazo ni taa za ukumbi mtupu tu zinazowaka. Namba yenye pendekezo ni vigumu kuipuuza kuliko bango.

Nyumbani, jaza vikombe viwili maji ya vuguvugu ya kiasi kimoja, joto lisilofika 45, kimoja kifunikwe, usome baada ya dakika 20. Kinachopotea kwenye kikombe kilicho wazi ndicho kinachopotea kwenye sufuria isiyo na mfuniko, na kila kinachopotea kimechomewa nishati. Usitie kipimajoto cha kikomo cha 50 kwenye maji yanayochemka. Kitapasuka.

Kisha pima kivulini chini ya mti na juu ya saruji iliyo juani. Kupanda miti na kupaka paa rangi nyeupe hupunguza joto linalowapata watu mahali hapo. Rangi haipunguzi hewa ukaa, na mti huipunguza polepole sana. Usichanganye kujikinga na kupunguza chanzo. Vyote vinahitajika, lakini kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Mambo yakienda mrama

*Mitungi yote miwili inasoma sawa.* Plastiki inavuja, au upepo unapuliza yote na kuondoa joto kupitia kuta zake. Kaza mpira, tafuta kona tulivu.

*Mtungi ulio wazi ndio uliopanda zaidi.* Karibu kila mara ncha yake imepigwa na jua. Angalia kadi, kwa sababu jua husogea na kivuli husogea nalo. Kama kadi iko sawa, rudi hatua ya 3.

*Ndani ya plastiki kuna ukungu wa maji.* Karatasi au mtungi ulikuwa na unyevu. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto, na usomaji unashuka. Kausha, anza upya.

*Usiku angavu hakuna tofauti kati ya A na B.* Upepo, hata mdogo, huchanganya hewa na kuipasha A upya. Pia chunguza kama kuna ukuta uliopigwa jua mchana kutwa karibu yake. Ukungu mwembamba au unyevu mwingi hewani nao hupunguza tofauti. Hilo si kosa, ni matokeo, liandike.

*A ilikuwa ikishuka vizuri, ghafla ikasimama.* Gusa karatasi. Ukikuta umande, ndiyo sababu: mvuke unapogeuka maji huachia joto. Tumia vipimo vya kabla ya umande, na uandike saa umande ulipoanza.

*Tofauti yangu ni 0.4 na kipimajoto kina alama za nyuzi moja moja.* Basi huna tofauti. Andika "haikupimika", rudia usiku mwingine, au azima vipimajoto vyenye alama ndogo zaidi.